Shilingi 500 kwa kila mtu: wiki moja na bungua wa maharage

Leo nazungumzia utunzaji wa maharage, na pia namna tulivyopata mbinu zenyewe, kwa sababu tulizipata katika wiki ambayo fedha hazikutosha na muda haukutosha.

Ilikuwa mwisho wa mavuno huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kila anayelima maharage anajua kinachofuata. Unayaweka ndani yakiwa safi, baada ya miezi miwili au mitatu unafungua gunia unakuta unga chini, matundu ya duara kwenye punje, na wadudu wadogo wa kijivu wanatembea juu ya gunia. Nilikuwa nimeomba fedha za siku ya wakulima kijijini ili nionyeshe namna ya kuzuia hasara hiyo. Makisio yangu yalikuwa shilingi 210,000: mifuko 20 ya PICS, ile ya tabaka tatu, kwa shilingi 5,000 kila mmoja, maturubai mawili ya kuanikia kwa 80,000, na 30,000 ya usafiri na mambo madogo madogo. Kipima unyevu nilitegemea kuazima.

Jumatatu asubuhi nikaambiwa fedha iliyopo ni 30,000, kipima unyevu kimeshaazimwa na wengine, na siku haisogezwi. Ni Jumatatu inayofuata. Watu 60 walishaalikwa.

Sitajifanya kwamba nilifurahi. Siku mbili za kwanza nilizipoteza kwa kufanya kile ambacho nadhani wengi wetu hufanya: kukata orodha. Badala ya mifuko 20, minne. Turubai hakuna. Usafiri, nitaendesha pikipiki yangu na kuweka mafuta kidogo. Nilipomaliza kukata nilikuwa na onyesho lile lile, ila dogo na la aibu. Watu 60 wangesimama kuangalia mifuko minne, wangepiga makofi, wangerudi nyumbani kwenye magunia yao ya kawaida.

Jumanne jioni nikapita kwa mama mmoja anayenunua maharage kijijini na kuyapeleka mjini. Nilitaka kumwomba maharage yaliyobunguliwa, ya mfano. Nikamlalamikia habari ya fedha. Akauliza, "Bwana shamba, wanakuja watu wangapi?" Nikamwambia 60. Akachukua simu yake, akapiga hesabu, akanionyesha: 500. "Basi kila mtu ana mia tano. Mwambie afanye nini na mia tano yake."

Alikuwa anatania nusu. Lakini usiku ule nikaandika juu ya karatasi: *mtu ana shilingi 500, bungua yumo ndani, afanye nini?* Nikaona swali limebadilika. Elfu thelathini ilikuwa inanifanya nifikirie vitu vya kununua. Mia tano hainunui kitu chochote nilichokuwa nimekiorodhesha, kwa hiyo orodha yote ikafa yenyewe na nikalazimika kumfikiria mdudu. Halafu kuna jambo lingine lililonifanya niinamishe kichwa kidogo: mia tano ndiyo hali halisi ya wengi wa wale 60. Makisio yangu ya 210,000 yalikuwa yanaonyesha njia ambayo wengi wao wasingeimudu mwaka ule hata kama ningepewa fedha zote.

Upande wa pili wa karatasi nikaandika bungua anataka nini ili aishi. Anataka hewa. Anataka utulivu. Anataka punje isiyo kavu sana. Nikajiuliza ni kipi kati ya hivyo ninaweza kumnyang'anya kwa mia tano.

Hewa

Hii ndiyo kazi ya mfuko wa PICS. Haumuui mdudu kwa dawa. Unafunga hewa isiingie, wadudu waliomo wanapumua ile iliyobaki mpaka inapungua, wanaacha kula, kisha wanakufa. Mfuko wenyewe ulitokana na utafiti uliofanyika kaskazini mwa Kameruni kwa ajili ya wakulima wa kunde, na chuo kikuu cha Purdue cha Marekani kilishiriki. Ukijua kwamba kinachofanya kazi ni kufunga hewa, unaacha kuuangalia mfuko na unaanza kuangalia kila kitu nyumbani chenye kifuniko kinachobana. Dumu la mafuta ya kula la lita 20. Chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Dumu lililotumika lilikuwa linauzwa 2,000 hadi 3,000 gulioni kwetu, kwa hiyo mia tano ilinikatalia. Chupa zilikuwa zinaokotwa, au shilingi 100. Lakini chupa ya lita moja na nusu inaingia maharage kilo moja na kidogo tu. Nani atahifadhi magunia matatu kwenye chupa?

Hapo ndipo kile kiwango kidogo kilinisukuma mahali ambapo nisingekwenda mwenyewe. Kama chombo ni kidogo, basi kinachowekwa ndani kichaguliwe. Maharage ya kuuza mtu anaweza kuyauza mapema. Ya kula yatapungua kila wiki. Ambayo lazima yakae miezi yote mpaka msimu mwingine, na ambayo yakitobolewa hasara inafika mpaka shambani, ni mbegu. Kwa robo eka unahitaji mbegu kilo 7 hivi. Hizo ni chupa sita. Miaka yote nilikuwa nafundisha kuhifadhi "mavuno", neno kubwa lisilo na kipimo, na sikuwahi kusema tuanze na kilo saba.

Jumatano nikaandaa chupa sita kwa maharage ya yule mama, yaliyojaa wadudu. Mbili nikazijaza mpaka shingoni, nikazigonga chini ili punje zishuke, nikaongeza, nikafunga kwa nguvu. Mbili nikazijaza nusu na kufunga. Mbili nikazijaza na kuacha kifuniko kimelegea. Nilitaka watu waone kwa macho tofauti ya kujaza na kutojaza, kwa sababu hilo ndilo kosa la kawaida: chombo kikiwa nusu, hewa iliyobaki juu ni nyingi na wadudu wanaishi nayo muda mrefu wakiendelea kula.

Unyevu

Bila kipima unyevu nilibaki na chumvi na chupa. Njia hii ni ya zamani na wengine mnaijua, lakini niieleze vizuri kwa sababu mimi mwenyewe niliikosea Alhamisi. Chukua chupa kavu kabisa ya kioo au plastiki angavu. Weka maharage mpaka theluthi moja. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, maharage bado ni mabichi, unyevu umezidi kama asilimia 15. Isiposhika, umeshuka chini ya hapo.

Kosa langu lilikuwa kutumia chumvi ya jikoni iliyokuwa kwenye kopo. Ilishika chupa kila mara, hata kwa maharage yaliyokuwa yanakatika kama kokoto. Nikafikiri njia haifai. Kumbe chumvi yenyewe ilikuwa na unyevu. Nikaikaanga kidogo kwenye kikaango kikavu, nikaiacha ipoe, nikarudia, ikatoa majibu yanayoeleweka.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinakuambia uko chini ya 15, na kwa chombo kisichopitisha hewa unataka ushuke zaidi, karibu na 13. Kwa hiyo chumvi ikikubali, mimi huongeza siku moja au mbili za jua kali, kisha nang'ata punje: inatakiwa ipasuke, isibonyee.

Utulivu

Hili la tatu ndilo lililonifurahisha, na lina gharama ya sifuri. Bungua tunayemwona zaidi huku kwenye baridi hataji mayai yake kwa kuyagandisha kwenye punje. Anayaacha yakizagaa katikati ya maharage. Funza akitoka kwenye yai anatembea, anatafuta mahali punje mbili zinagusana, anajiegemeza hapo na kuanza kutoboa. Kazi hiyo inamchukua kama siku nzima. Ukiyageuza maharage kabla hajaingia, ile punje aliyojiegemeza inaondoka na anatakiwa aanze upya. Ukimsumbua mara nyingi anachoka na kufa nje. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walichapisha majaribio ya jambo hili hili, la kubiringisha vyombo vya maharage kila siku, na wadudu walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Niliwahi kusikia habari hiyo chuoni, nikaiona kama hadithi ya kuchekesha, nikaendelea na kujifunza majina ya dawa. Ilirudi kichwani Alhamisi usiku, kwa sababu tu dawa hazikuwa ndani ya mia tano.

Angalia mtego uliopo hapa. Ili kubiringisha kufanye kazi, chombo kiwe *nusu*, punje zipate nafasi ya kubadilishana majirani. Ili kufunga hewa kufanye kazi, chombo kijae *kabisa*. Huwezi kuchanganya. Ama unajaza na kufunga na kuacha, ama unaweka nusu na kubiringisha asubuhi, mchana na jioni bila kukosa. Anayejaza nusu, akafunga, halafu akabiringisha siku anapokumbuka, amekosa yote mawili.

Pia yupo bungua wa aina nyingine, wa maeneo ya joto, anayegandisha mayai yake juu ya punje. Ukiona vidoa vidogo vyeupe vilivyobandikwa kwenye ngozi ya haragwe na haviondoki ukifuta kwa kidole, usitegemee kubiringisha. Funga hewa.

Jumatatu yenyewe

Walikuja watu 54. Chumvi iliwavutia zaidi ya yote. Wazee walitaka kutikisa wenyewe. Tukafika kwenye zile chupa sita, siku ya tano tangu nizifunge. Zenye kifuniko kilicholegea, wadudu walikuwa wanapanda ukutani kama kawaida. Za nusu, walitembea polepole. Zilizojaa, wote tuliowaona walikuwa wamelala chali chini ya kifuniko. Watu wakapiga makofi. Mimi nikajisikia bwana shamba kweli kweli, nikafungua chupa moja na kumwaga maharage juani kwenye ungo ili waone vizuri.

Baada ya dakika chache kijana mmoja akasema, "Bwana shamba, wamefufuka."

Walikuwa wanachezesha miguu. Si wote, lakini wengi, na baadhi walianza kutembea. Hewa ilikuwa imepungua kiasi cha kuwazimisha, haikuwa imepungua kwa muda wa kutosha kuwaua. Na wale waliokuwa bado funza ndani ya punje hatukuwa na habari zao kabisa. Mzee mmoja akacheka mpaka akakaa chini.

Ningekuwa na miezi miwili ya maandalizi, nisingefungua siku ya tano, na ningewaambia tu "fungeni vizuri". Ile wiki moja ndiyo ilitufanya sote tuone kwa macho kwa nini dumu au chupa haifunguliwi kila siku kuchungulia. Ukifungua, unawapa pumzi. Tukakubaliana pale pale: chupa iliyobaki ifungwe tena, ikae kwa mwenyekiti wa kitongoji mpaka mwezi uishe. Ilipofunguliwa mbele ya watu, tukaimwaga kwenye ungo uleule, tukasubiri nusu saa. Hakuna aliyenyanyuka. Tukachukua punje kumi zisizo na tundu, tukazifunga kwenye kitambaa chenye maji. Siku ya sita nane zilikuwa zimeota.

Katika zile 30,000 nilitumia 11,000 ya mafuta ya pikipiki, 6,000 ya chupa 60 ili kila mtu aondoke na yake, na 3,000 ya maharage mabovu, chumvi na karatasi. Zilizobaki 10,000 tulinunua madumu manne, yakaenda kwa kikundi.

Palipoharibika

Wanakikundi wawili walijaza chupa zao Jumanne, siku moja tu baada ya onyesho, kwa maharage yaliyokuwa yameanikwa siku mbili. Walitaka kumaliza ndani ya wiki ile ile. Asubuhi matone ya maji yalionekana ndani ya ukuta wa chupa, na baada ya wiki tatu harufu ya uvundo ilitoka. Ukiona jasho hilo, fungua siku hiyo hiyo, anika upya. Ukiwa umechelewa na ukungu umeshaonekana, usile wala usilishe kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Kosa hilo lilikuwa langu pia. Nilisifia sana uchache wa muda mpaka watu wakadhani kila kitu kinaweza kubanwa. Fedha unaweza kuibana, ukubwa wa chombo unaweza kuubana, siku za kufikiri unaweza kuzibana. Jua halibanwi. Usafi wa chombo haubanwi: dumu lililowahi kubeba dawa ya kunyunyizia au dizeli halifai kwa chakula wala mbegu hata ulioshe mara kumi. Siku hizi, kabla sijawapa watu kiwango chochote, nasema kwanza vitu ambavyo kiwango hicho hakiruhusiwi kuvigusa.

Ninavyofanya sasa na vikundi

Nagawanya fedha kwa idadi ya watu, kama yule mama alivyofanya, na tunazungumza kwa kiasi cha mtu mmoja. Kiasi kikibaki kikubwa cha kutosha kununua kile kitu kinachojulikana, napunguza tena mpaka kisitoshe. Kisha nauliza: kitu cha kwanza kinachowajia ni nini? Karibu kila mara ni dawa au mfuko. Nakiandika ubaoni na kukipiga mstari, hakitajwi tena mpaka tumalize. Watu hunung'unika. Halafu kuna kimya cha dakika tano hivi, kibaya kweli, ambacho zamani nilikuwa nakiharibu kwa kuongea. Sasa nanyamaza. Baada ya kimya hicho mtu mmoja huanza kumzungumzia mdudu badala ya duka.

Tarehe nayo lazima iwe na shahidi. Wiki moja ambayo hakuna anayekuja kuangalia mwisho wake si wiki, ni ahadi. Sisi tunataja siku na nyumba ambayo kila mtu ataleta chupa yake, hata kama imeharibika. Iliyoharibika ndiyo tunakaa nayo muda mrefu zaidi.

Na niseme wazi kwa wakubwa zangu kama wanasoma: siombi bajeti ipunguzwe. Mifuko ya PICS bado ni kitu kizuri kwa mwenye magunia, na mwenye uwezo ainunue. Kubiringisha ndoo mara tatu kwa siku kunamfaa mwenye debe moja na wajukuu ndani ya nyumba. Mwenye magunia kumi hawezi.

Yule mama mfanyabiashara alichukua jambo hili akalipeleka kwake. Zamani alinunua wakati wa mavuno na kuuza wiki hiyo hiyo, kwa sababu akikaa nayo yanatobolewa. Mwaka uliofuata alijiwekea sharti: hakuna mtaji mpya, ila kila safari ya mjini arudi na madumu mawili ya mafuta kutoka kwa mama lishe, ayaoshe, ayakaushe. Msimu ulipofika alikuwa na madumu 12. Dumu moja linaingia kilo 15 au 16, kwa hiyo aliweka kando kilo 180 na kidogo, kavu, yamejaa mpaka shingoni, akauza mengine kama kawaida. Alifungua dumu la kwanza mwezi wa pili, watu wanapotafuta mbegu. Nilipita siku hiyo kumsalimia. Alikuwa amemwaga maharage juu ya turubai na anayaangalia bila kusema kitu.

"Shikamoo mama. Vipi, mazima?"

"Marahaba, bwana shamba. Subiri nusu saa kwanza, usije ukaniambia yamefufuka."